Aliyekabidhiwa Mwiko

Ndugu wa upande wa mume wangu waliacha zamani kuniuliza kazi yangu ni nini. Mimi ni wakili wa serikali, na kwao maana yake ni mtu wa kufunga watu. Misibani hunipisha kiti kizuri, kisha mazungumzo yanapoa kidogo ninapokaa. Nimezoea. Ila kuna kesi moja ambayo karibu mtaa mzima wa Kibaoni ulinitaka nifunge mtu, nikakataa, na sijawahi kusemwa vibaya hapa Ifakara kama nilivyosemwa mwaka ule.

Faili lililetwa na sajenti wa upelelezi, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu. Aliliweka mezani kwa mikono miwili, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Hili limekamilika, Wakili," alisema. "Ni la kusoma na kusaini tu."

Maneno hayo hunipandisha hasira. Faili la kusaini tu sijawahi kuliona tangu nianze kazi.

Nilisoma. Bibi mmoja, aliyepooza upande wa kulia na asiyeweza kusema kwa kueleweka, alikutwa amekufa kitandani katika nyumba ya mwanawe wa kwanza. Mwana huyo ni mkulima na mzee wa kanisa, amefiwa na mke, na wakati ule alikuwa ng'ambo ya mto kwenye shamba lake la mpunga, kama nusu ya mji inavyokuwa mpunga unapoanza kukomaa na ndege kushuka. Daktari aliyeuchunguza mwili hakuona jeraha la kupigwa wala dalili ya sumu. Bibi alikauka maji mwilini, na vidonda vya kulalia vilikuwa vimefika mfupani. Nyuma ya nyumba ile kuna chumba kimoja cha kupangisha, na aliyekipanga ni binti wa miaka ishirini na miwili, anayekaanga maandazi alfajiri na kuyauza stendi. Binti huyo ndiye aliyekuwa mahabusu. Shtaka lake ni kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Hajafanya kitu. Ndiyo kosa lenyewe." Sajenti aliinama mbele. "Bibi aligonga ukuta siku nne, Wakili. Aligonga kwa kikombe cha bati. Majirani wawili wamesikia wakipita njia. Yule binti analala ukuta ule ule."

"Na hao majirani wawili uliwaweka ndani?"

Akacheka. "Nitaweka ndani mtaa mzima?"

"Kwa nini yeye na si wao?"

"Yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi."

"Afande, sheria haipimi kwa futi kamba."

Jambo hili huwasumbua watu wema kuliko wabaya, kwa sababu mtu mwema anaamini kwamba kila aibu lazima iwe na kifungo chake. Haiko hivyo. Ukimkuta mtu usiyemjua anazama pale Kivukoni, nawe unajua kuogelea, ukakaa ukingoni ukamaliza muwa wako, hutashtakiwa kwa kifo chake. Watu watakutemea mate, na mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini kama wewe ndiye mwenye mtumbwi na ulimpakia wewe, habari ni nyingine kabisa. Mzazi hawezi kumwacha mtoto wake mdogo bila chakula akasema hakumpiga. Askari aliyemfungia mahabusu hawezi kumnyima maji akasema hakumgusa. Mtu aliyewasha moto kusafisha shamba lake hawezi kukunja mikono moto ukielekea kibanda cha jirani. Hao wote wana wajibu, na kila mmoja aliupata mahali panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Pasipo wajibu, kutotenda si kosa la jinai, hata kuwe kubaya namna gani.

Nilimweleza sajenti hivyo, naye akanisikiliza kwa subira ya mtu aliyefundishwa kazi kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Kisha akafungua ukurasa wa saba.

"Soma hapa. Binti mwenyewe amekiri kwamba alimlisha uji siku sita. Akamnywesha, akamfulia shuka. Halafu akaacha. Aliyeanza amepokea, Wakili. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwenye ile semina."

Hapo alinibana, na mimi sipendi kubanwa. Ni kweli sheria yetu inasema hivyo. Anayemshika mgonjwa asiyejiweza, ambaye hawezi kujitoa mikononi mwake, ana wajibu wa kumpa mahitaji ya uhai, na wajibu huo unaweza kuanza kwa mkataba, kwa sheria, au kwa tendo lake mwenyewe. Ukimchukua mtu asiyejiweza, wengine wakaondoka kwa kuwa umemchukua wewe, huwezi kumtua njiani kama kuni. Lakini niliitazama picha ya binti yule, iliyobanwa kwenye jalada, nikakasirika. Waliopita na ndoo zao wasiingie hata mara moja walikuwa nyumbani wanakula ugali. Aliyeingia na bakuli la uji ndiye aliyekuwa ndani. Kama huo ndio mwisho wa sheria, basi tuwaambie watu wa Kibaoni wasiingie kabisa kwa mgonjwa.

"Sisaini," nilisema. "Twende tukaione nyumba."

Tulikuta msiba bado haujaanuliwa. Wanaume walikaa kwenye mikeka, na mfiwa, yule mzee wa kanisa, alisimama kunipokea. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, na sikuona unafiki wowote. Nilimpa pole, nikaomba kuona alipolala mama. Chumba kilikuwa kimesafishwa kwa dawa. Kwenye ukuta wa nyuma, kimo cha mtu aliyelala, chokaa ilikuwa imebanduka kwa mikwaruzo midogo midogo, mingi, mahali pamoja.

Kisha nikaomba kuona jiko. Lilikuwa banda la tofali uani, na mlangoni kulikuwa na kufuli kubwa. Mfiwa alitoa ufunguo mfukoni mwake. Ndani mlikuwa na gunia la mchele, debe la unga, mkaa, pipa la maji lenye kifuniko, na sufuria zilizopangwa kwa ukubwa. Vitu vyote vilikuwa safi.

"Lilifungwa lini hili?"

"Siku niliyokwenda shamba. Wezi, mama. Ukiondoka wanajua."

"Na bibi alikuwa ale nini?"

"Binti alikuwepo."

"Ulimwachia ufunguo?"

"Hapana."

"Ulimwomba amwangalie mama?"

Alinitazama kama nimemuuliza swali la mtoto. "Mtu unaishi naye ua mmoja, na mgonjwa yumo ndani. Unamwomba nini? Si ni binadamu?"

Alisema hivyo mbele ya sajenti, bila kusitasita, kwa sababu hakuona kosa lolote ndani yake. Na nakiri kwamba wengi wetu katika bonde hili tungesema hivyo hivyo. Tunapohamia shamba tunaacha nyumba na kusema fulani yupo, na fulani mwenyewe hajui kwamba yupo kwa ajili yetu. Miaka mingi inapita salama. Msimu uliotangulia mke wake alikuwa hai, akabaki na mkwewe; mwaka ule hakuwepo, na yeye hakuziba pengo lile kwa neno hata moja. Jirani mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali, tunasema. Mimi nilitaka kujua ndugu wa karibu alifanya nini.

Nilimpa sajenti mambo mawili ya kufuatilia. La kwanza, rekodi za simu za binti na za mzee wa kanisa. La pili, nani alimleta bibi huyu Kibaoni, maana jalada lilisema kwao ni Masagati, mbele ya Mlimba.

"Barabara ya huko imekatika kwa mvua," alisema.

"Basi subiri ikauke, na mimi nitasubiri kusaini."

Alinuna siku tatu. Siku ya nne akapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji cha Masagati, na wiki iliyofuata kaka wa marehemu akatokea mwenyewe ofisini kwangu. Alikuwa ametembea, akapanda bodaboda, akapanda treni Mlimba. Miguu yake ilikuwa na udongo mkavu hadi magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti nyembamba, akakataa soda, akaomba maji.

Sajenti ndiye aliyeandika maelezo yake. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza. Alisema dada yake alipopooza alikuwa kwake Masagati, na walikuwa wakimtunza yeye na wake wa wanawe kwa zamu. Baadaye mpwa wake akaja kutoka Ifakara na kusema ni aibu mama kulelewa na wajomba wakati mtoto wa kwanza anayo nyumba ya bati karibu na hospitali.

"Kwetu mgonjwa habebwi hivi hivi kama kifurushi," mzee alieleza. "Katika ukoo wetu anaombwa. Tulikaa, tukala, tukamuuliza mara tatu: utaweza? Akasema ataweza. Nikaingia jikoni kwa dada yangu, nikatoa mwiko wake, nikampa mkononi mbele ya watu. Maana yake kuanzia siku hiyo wa kumlisha ni yeye. Sisi hatuingilii tena mpaka aurudishe."

"Aliwahi kuurudisha?" sajenti akauliza.

"Hajaurudisha. Angeurudisha, ningemfuata dada yangu hata kwa miguu."

Aliyasema haya taratibu, kisha akafunika uso kwa kofia yake na kulia. Sajenti aliacha kuandika. Nilimwona mpelelezi yule, aliyenibishia wiki nzima, akitazama kalamu yake kama hajui ni ya nini.

Sheria haiujui mwiko wala haihitaji kuujua. Ilichotaka kujua ni kama mtu huyu alimchukua mgonjwa asiyejiweza chini ya mikono yake, na kama kwa kumchukua aliwaondoa waliokuwa wakimtunza. Hapakuwa tena na mashaka. Kuwa mtoto wa kwanza peke yake kusingenitosha mahakamani. Lile tendo la Masagati lilitosha, na miaka miwili ya kumlisha baada yake.

Rekodi za simu zilikuja mwisho. Binti alimpigia mwenye nyumba mara tano ndani ya siku kumi, na kila mara simu ilipokelewa. Sajenti alimhoji tena mtuhumiwa, safari hii akiuliza vizuri. Binti alieleza kwamba bibi alipoanza kulia njaa aliingia kwa huruma, akamlisha uji wa kwake, uliopikwa kwenye jiko lake la mkaa. Siku ya pili akapiga simu: baba, bibi yuko peke yake, na jiko limefungwa. Akaambiwa, nakuja. Akapiga tena: vidonda vinanuka, mimi siwezi kumgeuza peke yangu. Akaambiwa, kesho kutwa. Siku ya sita akamwambia waziwazi kwamba anaacha, njoo uchukue mzigo wako. Akaacha. Baadaye akapiga mara nyingine mbili kumkumbusha. Mzee wa kanisa, alipoulizwa, hakukana simu hata moja. Alisema ndege walikuwa wameshuka, na angeondoka siku mbili tu wasingemwachia punje. Alidhani binti anatishia tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu alikuwa anauona wake mwenyewe kama wa mwenzake.

Niliandika maoni yangu kurasa nne. Kwamba msaada wa siku sita wa mpangaji haukuwa kumpokea mgonjwa. Hakuombwa, hakukubali, hakupewa ufunguo, hakumzuia mtu yeyote mwingine kuingia, na alimjulisha mwenye wajibu kwamba hana uwezo. Kwamba mwenye wajibu alijua mama yake hana maji wala chakula, alikuwa na uwezo wa kufika kwa bodaboda kwa muda mfupi, na alichagua kutofika. Niliandika pia kwamba hoja ya sajenti ingeweza kubishaniwa, kwa sababu sipendi kumficha bosi wangu udhaifu wa hoja zangu. Bosi alinipigia kutoka Morogoro.

"Una uhakika? Huyo mzee anapendwa sana huko."

"Nina uhakika. Kama ofisi haikubali, mtafute mwingine wa kumshtaki yule binti. Mimi siwezi."

Akasema niendelee.

Shtaka la binti liliondolewa mahakama ya wilaya asubuhi ya Alhamisi, na mchana mzee wa kanisa akakamatwa. Nilijua nitasemwa, ila sikujua watu wana pumzi kiasi gani. Muuza nyanya niliyezoea kununua kwake aligeuza uso. Akina mama wa jumuiya walisema nimemwachia mwuaji na kumfunga mfiwa, na mmoja akaongeza kwamba mimi sina mama ndiyo maana. Mama yangu alikuwa hai, Mahenge, na alicheka sana nilipomsimulia. Mume wangu alipendekeza Jumapili ile tusali misa ya pili, watu wakiwa wachache. Nilivaa kitenge changu kipya nikaenda misa ya kwanza, nikakaa benchi la mbele, na wakati wa kupeana amani nilimpa mkono kila aliyekuwa karibu nami, atake asitake.

Kesi ilisikilizwa Mahakama Kuu ilipokuja Ifakara kwa kikao chake, mwaka uliofuata. Mshtakiwa alikana kosa. Daktari alieleza kwamba bibi angepewa maji na kugeuzwa angeishi; ugonjwa wake haukuwa wa kumuua wiki ile. Kaka wa marehemu alirudia maneno yake yale yale, safari hii bila kulia. Kisha nikamwita binti.

Alikuwa amekonda. Alijibu maswali yangu vizuri, simu moja baada ya nyingine. Halafu wakili wa utetezi akasimama, kijana hodari, na nilijua anakwenda wapi, maana ningekuwa yeye ningekwenda huko huko. Alitaka jaji amwone mtu mwingine kizimbani.

"Baada ya kuacha kumlisha, uliendelea kulala kwenye chumba chako?"

"Ndiyo."

"Ulimsikia akigonga?"

"Nilimsikia."

"Ulifanya nini?"

Binti alishika ukingo wa kizimba. "Nilifungulia redio kwa sauti kubwa."

Wakili akauliza kwa upole, "Kwa nini?"

"Nisimsikie. Nilifikiri nikiacha kabisa, baba atakuja. Kama ningeendelea kumpa uji, asingekuja hadi avune. Nilitaka aje."

Sikuwahi kuambiwa habari ya redio. Haikuwemo katika maelezo yoyote. Niliona macho yote yakihama kutoka kwa mshtakiwa kwenda kwa shahidi wangu. Nilisimama kumhoji tena, nikamuuliza swali moja tu: siku aliyosema anaacha, alimwambia nani? Akasema, alimwambia mwenye mama. Nikaketi.

Katika majumuisho nilimwambia Mheshimiwa Jaji kwamba sikuja kutetea redio ile. Nilimwomba ajiulize, siku bibi alipokuwa anakufa, ni nani aliyekuwa na wajibu wa kisheria kumpa maji, na kama hata kikombe kimoja cha uji wa jirani kiliwahi kumwondolea mtu huyo wajibu wake. Jaji alichukua siku kadhaa. Hukumu yake ilisema kwamba ukatili wa kutosikia unaweza kuwa wa watu wengi, lakini wajibu ulikuwa wa mtu mmoja, naye alijulishwa mara tano. Mzee wa kanisa alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia na kuhukumiwa miaka mitatu. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema mpunga ule ulivunwa na watu wengine na hajui ulikwenda wapi. Sikufurahi. Niliona tu kwamba kazi imekwisha na imekwisha ilivyopaswa.

Nilipotoka nikiwa na mafaili kifuani, binti alikuwa ananisubiri kwenye korido, mbali kidogo na watu. Aliniamkia. Nilidhani amekuja kunishukuru, na nilikuwa nimeshaandaa jibu la kumkatiza.

"Mama, kwa hiyo yeye ndiye amefungwa."

"Ndiyo."

"Na mimi? Maana nimesema mbele yao wote. Nilidhani nikishasema, watanirudisha ndani."

"Hawatakurudisha. Hukuwa na wajibu. Hata ungeniambia mapema, ningefanya vilevile."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza maelezo ya dawa alizoandikiwa.

"Kwa hiyo hakuna wa kunifunga?"

Nimesoma sheria kwa miaka yangu yote ya utu uzima, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, tena la kweli.

"Hakuna," nilimwambia.

Ndipo akakaa chini pale pale sakafuni, akaanza kulia.